Spinachi ya Jumatatu

Barua ile ilisomwa mara tatu kabla ya kutumwa, na mara zote tatu Keziah alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa stoo, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Judy, katibu wa ushirika, alikuwa ameiandika kwa Kiingereza kwenye simu yake. Akawa anawasomea wenzake kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, ili kila mtu ajue anaahidi nini.

Ushirika wa Enkare ulikuwa na wakulima ishirini na wawili, wote wenye vishamba vya kumwagilia nje ya Kitengela, upande wa kwenda Isinya. Kwa miaka minne waliuzia madalali. Dalali alikuja siku aliyotaka, na siku asiyotaka mboga zilikaa mpaka zikaliwa na mbuzi. Ndiyo sababu Judy alipiga simu kwenye supamaketi moja baada ya nyingine akiuliza jina la mtu anayenunua mboga na anwani yake ya barua pepe. Wengine walimkatia simu. Alipata anwani tisa.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilitaja ni akina nani, wako kilomita ngapi kutoka mjini, na ni kilo ngapi za spinachi, sukuma wiki, dhania na hoho wangeweza kuleta kila wiki bila kukosa. Mwenyekiti Wahome alitaka waongeze kilo. Keziah akasema waandike kile ambacho stoo ilipokea wiki mbaya kuliko zote, siyo wiki nzuri, na Judy akafuata neno lake kwa sababu ni Keziah aliyekagua kila kreti iliyopita mlangoni pale. Jani lenye matundu alilitoa, hata likiwa la shamba lake.

Kisha Keziah akataka sentensi moja zaidi.

"Andika kwamba mboga yetu haikai," alisema. "Ikitoka shambani, saa kumi na sita hazijaisha iko kwao mlangoni. Hizo za kupitia soko la Nairobi kwanza haziwezi kusema hivyo."

Judy aliipenda, akaiweka juu kabisa. Keziah akauliza kama hawangetaja pia siku za kupeleka. Wahome akamwambia mtu akibisha hodi mara ya kwanza haanzi kwa kutaja saa anazotaka kuandaliwa chai. Wenzake wakacheka, na jambo likaishia hapo.

Ilitumwa Jumanne asubuhi, kila mnunuzi kivyake na kwa jina lake. Wiki ikapita kimya. Judy akawaandikia tena mistari mitatu ya kuwakumbusha. Wawili wakajibu kwamba wana watu wao tayari. Jumatano iliyofuata akajibu wa tatu, jina lake Morgan, mnunuzi wa supamaketi yenye matawi Kitengela, Rongai na Kajiado. Alisema anapata barua kama hizo kila siku na nyingi hazisomi, ila hiyo ya saa kumi na sita ilimfanya asome hadi mwisho, kwa maana shida yake ni majani yanayofika yamechoka. Angekuja kuona mashamba. Akiridhika, angewajaribu kwa mwezi mmoja, mara mbili kwa wiki: Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa nyuma. Ya Jumatatu ndiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu wikendi inamaliza rafu. Alitaka jibu kufikia Jumanne.

Judy alipotaja kilo, watu walianza kuongea wote pamoja. Keziah peke yake alikuwa akihesabu kinyumenyume. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, ukitoa saa kumi na sita, ni saa nane mchana wa Jumapili.

Tangu mumewe azikwe, miaka kumi na moja sasa, hakuwahi kushika jembe wala kisu cha kuvunia siku ya Jumapili. Alikuwa ameweka ahadi hiyo mbele ya Mungu wakati ambapo hakuwa na kitu kingine cha kuweka, na hakuona sababu ya kuirudisha kwa kuwa sasa anacho. Lakini theluthi mbili za spinachi ya ushirika zilitoka kwake. Maji ya kisima chake yana chumvi. Nyanya ziliyakataa, kabichi zikayakataa, spinachi ikayapenda. Bila yeye hiyo oda ya Jumatatu ilikuwa hewa.

Kwa hivyo Jumamosi jioni alijaribu njia yake. Alivuna kreti mbili, akazifunga vizuri, akaziingiza kwenye chumba cha makaa nyuma ya stoo, kile chenye kuta za waya zilizojazwa makaa na kumwagiwa maji ili ndani kupoe. Jumapili alikwenda kanisani. Jumatatu kabla ya jua kuchomoza alifungua.

Kwa mbali zilionekana sawa. Alichukua fungu moja, akalishika kwenye shina, akalisimamisha wima. Majani ya nje yaliinama. Alichukua la pili, nalo likainama. Mwanamke wa sokoni angeyanyunyizia maji na kuyauza kabla ya saa nne. Keziah akazitoa kreti zile nje na kuzimwaga kwenye rundo la kulishia mbuzi, zote mbili, za shamba lake mwenyewe. Ndipo akampigia Judy amwambie aite kikao.

Kikao kilikuwa kifupi na hakikuwa kizuri. Keziah alieleza alilofanya Jumamosi na alichokiona asubuhi, kisha akasema havuni Jumapili. Wahome naye alikuwa mzee wa kanisa, na hilo lilimtia hasira zaidi.

"Ng'ombe wako unakamua Jumapili, Mama Ndung'u," alisema. "Ama anakuwanga na likizo?"

"Ng'ombe nisipomkamua anaumia," Keziah akajibu. "Spinachi haiumii."

Mtu akacheka nyuma. Wahome akasema basi wamjibu wakubali, na mambo mengine yatajipanga njiani, kwani huyo Morgan hataona mboga ilivunwa lini. Keziah akasema ataona, kwa sababu waliandika wenyewe, na yeye ndiye aliyetaka iandikwe.

Hapo ndipo Asho alipoongea. Asho alikuwa mama wa Kisomali aliyehamia upande ule akitoka Garissa, mwenye robo ekari ya sukuma wiki na dhania, na kwa kawaida aliongea kidogo kuliko wote.

"Mimi Jumapili ni siku kama siku," alisema. "Niko na wasichana wangu. Tutaingia kwako tuvune, wewe ukae kanisa."

Ilikuwa imetolewa kwa moyo mweupe, na wote wakamgeukia Keziah kana kwamba neno limeisha. Amri ya Sabato aliijua kwa kichwa tangu darasa la tatu, na haikuishia kwake. Iliwataja watumishi, na wanyama, na hata mgeni aliye ndani ya malango.

"Asante, Mama Hamda," alisema. "Lakini shamba langu likivunwa, ni mimi nimevuna."

Wahome alivaa kofia yake na kutoka. Ilieleweka bila kusemwa kwamba mjane mmoja alikuwa amewanyima wenzake ishirini na mmoja kitu walichokingoja miaka minne, na Keziah alilielewa hilo kuliko wao.

Alimwomba Judy abaki. Wakaandika barua ya pili, yeye akisema na Judy akigeuza. Haikutoa visingizio. Ilisema Alhamisi wanaweza kuanzia wiki ijayo kama walivyoahidi. Jumatatu hawawezi kwa sasa, kwa sababu mkulima wao mkubwa wa spinachi havuni Jumapili, na wakivuna Jumamosi mboga itakuwa imezidi saa walizoandika. Wakiweza, watamwambia.

"Mama, tukisema hivi anaweza kutuacha kabisa," Judy alisema.

"Anaweza," Keziah alisema. "Tuma."

Morgan alijibu kesho yake, mistari miwili. Jumatatu ingebaki kwa anayeileta sasa. Alhamisi angekuja kuona mashamba, na Alhamisi ya pili waanze.

Kwa hivyo walipata nusu, ile ndogo. Wahome hakumsalimia Keziah kwa siku tisa, akamsalimia siku ya kumi pikapu ya kwanza iliporudi bila kreti hata moja iliyokataliwa.

Lakini kabla ya hapo, jioni ileile ya jibu la Morgan, Keziah alikwenda kwa Asho akiwa amebeba miche ya spinachi kwenye karai, mizizi imefunikwa kwa gunia bichi. Asho aliitazama.

"Unanipa biashara yako," alisema.

"Nakupa ya Jumatatu," Keziah alisema. "Ya Alhamisi ni yangu."

Alirudi mara tatu na karai lile mpaka kitalu chake kikabaki wazi. Alimwonyesha nafasi kati ya mche na mche, na jinsi ya kuvunja jani la nje bila kugusa moyo. Wakulima wengine wawili, majirani wa Asho waliokuwa wakiishika Jumamosi kama siku yao ya ibada, nao wakachukua. Wiki ya saba Judy alimwandikia Morgan kwamba Jumatatu sasa inawezekana. Akasema walete, aone.

Jambo moja tu Keziah hakuwa amelifikiria, nalo lilimjia Jumamosi hiyo jioni alipokuwa akifunga stoo. Mboga itakayovunwa Jumapili itakaguliwa Jumapili. Ufunguo ule haukuwahi kulala nyumba nyingine. Alisimama nao mkononi, kisha akatembea hadi kwa Asho, akaivua ile kamba shingoni na kumpa, bila maelezo mengi. Shingo ilibaki ikimwasha njia nzima.

Siku iliyofuata alitoka kanisani saa kumi jioni, baada ya mkutano wa akina mama. Njia yake ya nyumbani inapita mbele ya stoo. Mlango ulikuwa wazi, kreti zimepangwa kivulini, Asho na wasichana wake wameinama kazini. Kwenye kreti ya juu kabisa, hata akiwa barabarani, Keziah aliona jani lenye tundu. Miguu yake ikapungua mwendo yenyewe. Alikuwa na Biblia mkononi na viatu vya kanisani, na kutoka pale hadi kwenye jani lile ni hatua kumi hivi.

Hakuingia. Aliita salamu, akaitikiwa, akaendelea na safari.

Jumatatu alifika stoo mapema. Pikapu ilikuwa imeshaondoka. Asho alikuwa anafagia, na ufunguo ulikuwa juu ya kiti cha Keziah.

Keziah hakuuliza habari za oda. Aliuliza ni ngapi zilitupwa kwa mbuzi.

"Kreti tatu," Asho alisema. "Hamda ameniambia mimi ni mbaya kuliko wewe."

Keziah alizunguka nyuma kwenye rundo la mbuzi, akainama, akatafuta. Jani lile lilikuwepo, na mengine mengi ambayo yeye pengine angeyaachilia. Alirudi, akauchukua ufunguo, akauvaa.

"Jumamosi nitakuletea tena," alisema, kisha akachukua ufagio wa pili.