Amri Iliyokatika kwenye Skrini Ndogo

Gahongayire alikuwa akilinganisha mistari ya programu ya kutafutia watoto waliopotea vitani. Sangwa alikuwa ameinakili kutoka kompyuta ndogo ya mkononi, ambayo skrini yake haikubeba zaidi ya herufi arobaini kwa mstari, akaiandika upya kwenye kompyuta ya ofisi.

"Jina la mama linatafutwa pia kwenye maelezo ya mtoto," Gahongayire alisema. "Sehemu hiyo iko wapi?"

"Ile iliyoangukia mstari wa chini? Nilidhani ni amri nyingine, dada. Mashine iliikataa, nikaifuta."

Watoto wadogo hawakuweza kutaja jina kamili la mama. Walichosema kiliandikwa kwenye maelezo tu.

Gahongayire aliirudisha sehemu iliyofutwa, kisha akaigawa amri ile ndefu: sharti moja la utafutaji kwa kila mstari, na nukta-mkato mwishoni, ambayo katika programu ile ilitumika kuonyesha kwamba amri bado inaendelea.

"Unapanda maharage, dada?" Sangwa alitania, akiitazama mistari mifupi iliyopangana kama matuta, lakini hakucheka.

Wakajaribu jina la Athanasie, mama kutoka mtaa wa Kimisagara ambaye jana walimwambia mwanawe hayumo kwenye orodha. Akatokea mtoto mmoja: Shimwa, miaka mitatu, yuko kituo cha Butare.

Sangwa alijishika kichwa. "Alisema leo alfajiri anakwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, akamtafute kambini."

Gahongayire alituma ujumbe mpakani kwa redio, wamzuie asivuke. Hakuna aliyejibu. Alikuwa ameanza kuugawa mstari mrefu wa pili jenereta ilipozimwa, wakaiachia kesho mistari iliyobaki, pamoja na akina mama wote waliokwisha kuambiwa kwamba watoto wao hawamo.