Vidonge vya Kila Asubuhi

Miaka miwili Klementi, dresa wa zahanati ya Njinjo, alimpa Bi Mwanaasha aspirini kila asubuhi. Kichwa kilimbana pande zote kama kimefungwa kamba, na Klementi akasema ni uchovu wa shingo na mawazo ya ujane.

Masika yakakata barabara, dawa zikaisha. Wiki ya kwanza mama wa watu alilia kwa maumivu. Mwezi wa pili kichwa kikatulia, ingawa shingo ilikuwa ile ile na ujane ule ule. Hapo Klementi akajua kuwa vidonge vyenyewe, kwa kumezwa kila siku, ndivyo vilivyokuwa vikimuumiza kichwa.

Leo Bi Mwanaasha kamletea kuku.

“Pokea, mwanangu. Bila dawa yako ningekufa.”

Klementi akainamisha macho, akampokea kuku, akashukuru.