Timu Nne na Shangazi Mmoja

Kituo cha kusukuma maji hakijui Jumapili. Pampu zikinyamaza hata nusu saa, mji mzima unajikuta na sabuni machoni, na simu ya meneja haikai mfukoni. Kwa miaka mingi kituo kilikuwa na timu tatu za kupokezana, kwa hiyo aliyetaka kupumzika ilibidi ambembeleze mwenzake afanye zamu mbili mfululizo. Watu walikuwa wanasinzia wamesimama.

Hatimaye timu ya nne iliajiriwa, na meneja akamwita msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya upole na kichwa kigumu.

"Nataka kila saa ya kila siku iwe na mwenyewe," alisema. "Na watu wapumzike. Utajua mwenyewe jinsi ya kufanya."

Msimamizi alienda nyumbani akachukua vibanio vyote vya nguo. Mumewe akabaki anaanika mashati kwa kuyafunga mafundo kwenye kamba. Ofisini alifunga nyuzi nne ukutani: asubuhi, mchana, usiku, nyumbani. Kila timu ikapata rangi yake: Nyekundu, Buluu, Kijani, Njano. Akaanza kubana na kubanua.

Siku ya tatu akapata jibu. Kila timu ingefanya siku mbili za asubuhi, mbili za mchana, mbili za usiku, kisha mbili za kupumzika, na kila moja ianze siku mbili nyuma ya mwenzake. Siku yoyote unayoigusa, timu tatu ziko kazini na moja iko nyumbani. Na kwa kuwa mzunguko ni wa siku nane na wiki ni ya siku saba, mapumziko yangesogea siku moja mbele kila mzunguko. Hakuna ambaye angemiliki Jumapili, wala ambaye angeikosa milele.

Meneja alikuja, mikono nyuma, akatazama ukuta kama mtu anayetazama mchoro wa sanaa asioupenda.

"Kwa nini wasianze na usiku, halafu mchana, halafu asubuhi? Wamalize ugumu kwanza."

"Bosi, wa mchana anatoka saa nne usiku. Ukimbadilisha aingie asubuhi, anatakiwa hapa saa kumi na mbili. Aende nyumbani, ale, aoge, alale, arudi, yote kwa saa nane. Tukienda mbele, kila anapobadilisha zamu anapata siku nzima katikati."

"Ndicho nilichotaka kusema," alisema meneja, akaondoka.

Ratiba ikabandikwa. Watu walishangilia. Fundi pampu mmoja wa Nyekundu alicheza mbele ya ubao mpaka kofia ikamtoka. Kesho yake, mchumba wa fundi huyohuyo, binti anayepima maji katika timu ya Kijani, aliingia ofisini macho mekundu.

"Dada, tunaoana mwezi ujao. Mimi na yeye tutapumzika pamoja lini?"

"Subiri nikuonyeshe," alisema msimamizi. Akafuata vibanio vyekundu kwa kidole, kisha vya kijani. Akarudia. Kidole kikasimama hewani. Kila siku ilikuwa na timu moja tu nyumbani. Wawili wa timu mbili tofauti wasingepumzika siku moja hata dunia iishe.

"Niweke kwenye timu yake, basi."

"Siwezi. Yeye anatia dawa, wewe unapima na kusaini. Mke hasaini kazi ya mumewe, ndiyo sheria ya kituo."

Binti akaanza kulia kwa sauti ya kukatikakatika, kama bomba lenye hewa. Msimamizi alimpa leso, akavitoa vibanio vyote ukutani.

Safari hii alijaribu zamu ndefu za saa kumi na mbili: mbili za mchana, mbili za usiku, kisha siku nne za kupumzika. Timu mbili kazini, mbili nyumbani. Meneja akaja mbio.

"Siku nne? Nawalipa wakalale?"

"Saa ni zilezile, bosi. Wiki ina saa mia moja sitini na nane. Gawa kwa timu nne: arobaini na mbili kila moja, kwa wastani. Nimebadilisha vipande tu, mkate ni uleule. Na siku ya kwanza kati ya hizo nne wanatoka usiku, wanalala."

Wafanyakazi wakaitwa wapige kura. Wengine walinung'unika kwamba saa kumi na mbili ni ndefu, lakini siku nne mfululizo ziliwalainisha, na mikono mingi ikapanda. Binti wa Kijani alipandisha yote miwili. Msimamizi akarudi ofisini kumhesabia siku zake za ndoa, akahesabu mara mbili. Nyekundu wakiwa nyumbani siku zao nne, Kijani walikuwa kazini siku hizohizo nne. Ratiba nzima amebadilisha, na wachumba wako palepale.

Alikuwa bado amekodolea macho ukuta mlango ulipofunguliwa bila hodi. Alikuwa shangazi yake wa damu, dada wa baba yake, mpimaji maji wa timu ya Buluu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekukosea nini mwanangu mpaka unifanyie hivi?"

Mume wa shangazi, fundi wa siku nyingi ambaye kituo kizima kilimwita Mzee Bomba, alikuwa timu ya Nyekundu. Shangazi alikuwa ameshapiga hesabu.

"Kila mzunguko nina siku mbili nyumbani pamoja naye! Mbili nzima! Miaka yote hii tumeishi kwa amani kwa sababu mmoja akiingia mwingine anatoka. Yule mzee akikaa nyumbani anafungua kila kitu. Redio ameifungua. Pasi ameifungua. Kufunga hajui."

Msimamizi alimtazama shangazi yake, akautazama ukuta, akacheka mpaka akashika meza.

"Unacheka nini?"

"Shangazi, ungependa kuhamia Kijani?"

Kazi ya shangazi na ya yule binti ilikuwa moja, kwa hiyo kubadilishana hakukumsumbua mtu. Binti alikwenda Buluu, akapata siku mbili na mchumba wake katika kila mzunguko, ingawa aliambiwa mapema kwamba ya kwanza atakuwa ametoka usiku na atakuwa anakoroma. Alisema mume atazoea. Shangazi alikwenda Kijani, mbali na Mzee Bomba kadiri ratiba ilivyoruhusu.

Mpangilio ulianza, na pampu hazikunyamaza. Baada ya miezi miwili meneja alimwita tena msimamizi.

"Kuna asubuhi makabidhiano yanachelewa. Nenda kaangalie."

Alikwenda getini saa kumi na mbili asubuhi. Nyekundu walikuwa wanamaliza usiku wao wa mwisho, Kijani wanaanza mchana wao wa kwanza. Wenzao walishapita. Kando ya geti Mzee Bomba, mchovu, nywele zimesimama, alikuwa amemshikia mkewe mkoba, na shangazi alikuwa anamsimulia jambo kwa mikono yote miwili. Mzee alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika.

"Shangazi, saa!" msimamizi aliita.

"Nakuja, na wewe!" alijibu shangazi bila kugeuka. "Siku nne hizi mume wangu alikuwa anarudi nyumbani kulala tu."

Msimamizi alirudi kwa meneja akamwambia ni tatizo la kufuli la geti, litatengenezwa.