Bei Isiyo ya Kuuza

Anselmi alikuwa ameshapandishwa nyuma ya pikapu, mlinzi ubavuni kwake, safari ya polisi Kilosa. Kosa lake lilikuwa moja: pampu ya maji haikuwepo. Bila maji, korona, ile mashine inayosaga mkonge, haifanyi kazi, na shamba zima pale Rudewa lilikuwa limekaa kimya tangu alfajiri.

Bosi Liu alishika mlango wa gari, uso umemwiva. Mwezi uliopita aliibiwa dizeli, na tangu hapo hakumtazama mtu yeyote kwa jicho zuri.

"Muulize mara ya mwisho," alimwambia Devota kwa Kichina. "Pampu iko wapi?"

Devota alikuwa mkalimani wake. Kichina alikiokotea kwenye zahanati ya Wachina kule Dar es Salaam, akifagia huku akisikiliza, na kanuni zake alijitungia mwenyewe. Mojawapo ilikuwa hii: Mswahili akisema *imechukuliwa*, *imepelekwa*, *amepigwa*, wewe tafuta neno *bei* la Kichina, lisilohusiana na bei ya sokoni, uliweke, basi, umemaliza.

"Kaka Anselmi, sema tena. Taratibu."

"Dada, nimeshasema mpaka koo limekauka! Pampu ilichukuliwa na mimi, ikapakiwa kwenye gari, ikapelekwa Kilosa kwa fundi. Ndivyo alivyoagiza msimamizi Lazaro."

Devota akageuka. "*Shuibeng bei Anselmi na zou le. Bei zhuang shang che, bei song dao Kilosa le…*"

Hakuwahi kufika kwenye neno fundi. Bosi alipiga bati la gari kwa kiganja. "Umesikia? Anakiri mwenyewe! Washa gari!"

"Bei?" Anselmi alisimama, gari likatikisika. "Bei ya nini, Devota? Bei, bei, bei! Nani kakwambia nimeuza? Unanisingizia mchana kweupe!"

"Kaa chini, mfanyabiashara," mlinzi akamdhihaki. "Ungeuza kwa bei nzuri ungerudi na viatu."

Devota hakucheka. Neno lile, lilipotoka kinywani mwa Anselmi, lilimgonga. Kweli, ametia *bei* mara tatu kwa pumzi moja. Akajiuliza: huyu bosi mwenyewe hulisema lini? Dizeli ilipoibwa alisema *bei*. Alipodanganywa na dalali wa magunia, *bei*. Mbwa alipomng'ata, *bei*. Lakini wali ukipikwa husema *fan zuo hao le*. Gari likitengenezwa, *che xiu hao le*. *Bei* haimo. Ile *bei* huja na aliyeumia.

Dereva akawasha. Devota akakimbia akasimama mbele ya gari.

"Toka hapo!" Liu akafoka.

"Bosi, nimekosea mimi, siyo yeye." Maneno aliyapanga moja moja, kama anayechambua mchele. "*Shi Lazaro rang Anselmi song qu xiu de.*" Yaani ni msimamizi Lazaro aliyemtuma Anselmi akaipeleke ikatengenezwe.

Liu akauliza polepole: "Sasa kwa nini umesema *bei na zou*? Mtu akiniambia hivyo, nasikia nimenyang'anywa."

"Kwa Kiswahili tunasema vilevile kwa jema na kwa baya. Mtoto amezaliwa, mtoto amepigwa. Nyumba imejengwa, nyumba imebomolewa. Neno halifurahi wala halilalamiki. Mimi nikadhani na *bei* ni hivyo."

"Magazeti siku hizi huliweka hata kwenye mema," Liu akasema, kama anayejisemea. "Lakini kwenye mazungumzo, aah." Akapatazama pale palipokuwa na pampu, na simenti iliyokuwa na unyevu bado. Mwenyewe juzi aliisikia pampu ikikoroma, na Lazaro alimwonyesha inapovuja, kabla hajaondoka kwenda msibani Mikumi. "Lazaro alisema ataishughulikia," akakiri.

Akamfanyia dereva ishara. Injini ikazimwa.

Hakuna aliyemwambia Anselmi kitu. Alibaki amesimama juu ya pikapu, mikono hajui aiweke wapi. Nyumba aliyoishi na wanawe ilikuwa ya shamba, kazi ikiisha na nyumba imeisha.

"Dada," akasema, sauti imeshuka. "Mwulize. Nimefukuzwa, au nimesamehewa?"

Devota aliyapima. Maneno mawili, mkia mmoja wa *-wa*. La kwanza lina maumivu, lakubali *bei*. La pili halikubali hata kidogo, lazima bosi mwenyewe atajwe.

"*Ta bei kaichu le ma?*" akauliza, yaani amefukuzwa? Kisha: "*Ni yuanliang ta le ma?*" Wewe umemsamehe?

Liu alimtazama yeye kwanza, ndipo Anselmi.

"Hajakosa," akasema. "Nimsamehe nini?"

Devota akamgeukia Anselmi, safari hii bila haraka. "Anasema hujakosa. Shuka, kaka."

Anselmi akashuka. Akapita karibu yake bila kumwangalia.

"Siku nyingine," alisema, "ukimtafsiria, mimi nisisikie bei."

"Siku nyingine nitakuuliza kwanza nani kaumia," Devota akamjibu.