Mtihani wa Okeyo
Karani Gekara aliniambia mtihani wa udereva pale Kericho huulizwa kwa mdomo, na asiyejua Kizungu huruhusiwa Kiswahili, mradi aombe kabla ya siku yenyewe. Nikaomba wiki mbili mapema, mimi si mjinga.

Siku ikafika. Afisa Mzungu akaniuliza, “Okeyo, gari nakufa mlima, wewe nafanya nini?”

Kiswahili chake nacho kilikuwa kimekwama mlimani. Nikabahatisha: breki ya mkono, gia ya kwanza, jiwe nyuma ya gurudumu.

Akanipa leseni. Kisha akaniuliza kwa aibu kama atafaulu mtihani wake wa Kiswahili wa serikali mwezi ujao.

“Bwana,” nikasema, “omba kuulizwa kwa Kizungu. Lakini omba mapema.”