Kutu Chini ya Upenu

Mimi sina desturi ya kumwamini fundi anayesifiwa na kila mtu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa anasifiwa mpaka na mama yangu, ambaye hata mimi mwanawe hajawahi kunisifu. Tena alikuwa amemchumbia mdogo wangu. Kwa hiyo siku nilipoinua macho pale uani kwa mama nikaona kutu nyekundu imetapakaa chini ya upenu, sikushtuka. Nilijisemea, haya, huyu hapa sasa.

Paa lile lilikuwa na miaka mitatu tu. Mabati yalitoka dukani kwangu, maana nauza vifaa vya ujenzi, na nilichagua mwenyewe yale ya zinki nzito kwa sababu nyumba ya mama iko jirani na bahari, mawimbi unayasikia ukiwa jikoni. Fundi aliyabeba, akaezeka. Sasa yanaoza.

Nilikaa kaunta nikapiga hesabu. Bati ni chuma kilichovikwa zinki, na hewa ya chumvi huila zinki kidogo kidogo kabla hata haijagusa chuma. Ukitaka kujua paa litaishi miaka mingapi, unachukua unene wa zinki unagawanya kwa kiasi kinacholiwa kila mwaka. Yale niliyotoa mimi yalikuwa na karibu maikroni ishirini kila upande, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtaa ule, kwa mapaa niliyowahi kuyapima, zinki hupungua maikroni mbili au zaidi kidogo kwa mwaka. Paa la mama lilipaswa kukaa miaka minane hivi bila kutu. Lakini yapo mabati ya bei rahisi yenye maikroni saba tu. Gawanya saba kwa mbili na ushee: miaka mitatu. Hesabu ilikaa sawasawa, nami nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa namna mtu anavyofurahi akigundua hakukosea kumchukia mwenzake.

Kwa kifupi: aliuza mabati yangu mazuri, akamwezekea mama ya bei rahisi.

Nikawaambia wajomba. Wajomba wakawaambia wake zao, na ikishafika hapo hakuna tena siri. Waliokuwa wamempa kazi fundi wakaanza kumwambia watampigia simu. Mdogo wangu alinijia dukani macho yamevimba.

"Dada, umemwona akiiba?"

"Nimeona kutu."

"Kutu haina jina la mtu!"

"Hesabu inalo," nikamjibu. Alitoka bila kuaga. Wajomba waliamua tukutane kwa mama Jumamosi, na kama ni kweli, posa irudishwe.

Nilitaka niwe na ushahidi wa kumfunga mtu mdomo. Asubuhi ya Jumamosi nilichukua kipimo changu, kile kidude unachokiegesha kwenye bati kikakuonyesha unene wa zinki, nikaenda na ngazi. Fundi alikuwepo amesimama ukutani. Hakunisalimu kwa vicheko vyake vya siku zote. Aliniambia tu, "Shikamoo shemeji. Anza juu ya dari, ndani. Kule bati ni kama siku lilipotoka dukani."

Nikashuku mara moja. Mtu anayekuonyesha pa kutafuta ana pale ambapo hataki utafute. Hata hivyo nilipanda darini, nikafuta vumbi, nikaegesha kipimo sehemu tano mbalimbali. Kumi na tisa. Ishirini. Kumi na tisa. Hakuna hata mahali pamoja palipokaribia saba.

Nilitoka nikapanda juu ya paa. Nikategemea kukuta kutu, nikakuta bati la kijivu, limefifia lakini zima. Kumi na tatu, kumi na nne. Kupungua mbili kwa mwaka, kama paa lolote la mtaa ule. Bati lilikuwa lile lile langu. Nilijiona mjinga pale juu, jua linanichoma kisogo, na bado roho haikukubali.

"Sasa chini kunaoza kwa nini?" nilimpigia kelele.

"Juu mvua inaosha chumvi," akasema. "Upenuni mvua haifiki. Chumvi inayoletwa na upepo inakaa pale pale, usiku inavuta unyevu, inakula. Ndiyo maana nilipomaliza kuezeka nilimwambia mama awe anaosha chini ya upenu kwa maji."

"Na hakuosha."

"Ameosha kila wiki, shemeji."

Nilishuka. Chini ya upenu, kwenye rangi ya kutu, kulikuwa na michirizi myeupe myembamba iliyotelemka kutoka kwenye bati hadi ukutani. Niliigusa kwa kidole nikaonja: chumvi. Nikageuka kutazama kisima cha uani. Maji ya kisima kile tunayajua tangu utoto: sabuni haitoi povu, na chai ukiipika nayo hainyweki. Mama aliyahifadhi maji ya bomba kwa kupikia, na paa akaliosha kwa ya kisima. Kila wiki kwa miaka mitatu mama yangu alilimwagia bati chumvi, kwa upendo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka jana. Nilimkuta na ndoo."

"Ukanyamaza?"

"Nilimwambia, mama, tumia ya bomba. Akasema maji ni maji, nisimfundishe usafi. Ningefanya nini, nibishane na mama mkwe?" Alitazama chini. "Na wewe ulipoanza kunitangaza, ningesema ni yeye, mngesema namsingizia mzee. Wewe huamini mtu, shemeji. Nikaona nisubiri upime."

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilimfuata mama jikoni, nikamweleza. Alisikiliza huku akisugua sufuria iliyokwisha kutakata. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Waambie wajomba zako kiwanda kilituuzia bati bovu. Yaishe."

"Mama, watasema duka langu linauza bati bovu. Na yeye atabaki mwizi tu midomoni mwao."

"Mimi ni mkubwa wao," akasema. "Wananiheshimu."

Wajomba walifika, wakakaa. Mdogo wangu alisimama mlangoni amekunja mikono. Fundi akaanza kueleza dawa ya pale palipoharibika, ungedhani ameitwa kwa kazi ya kawaida: kukwangua kutu mpaka chuma king'ae, kupaka rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu, palipotoboka, kukata na kubadilisha kipande, na kupaka kingo zilizokatwa kabla hazijapandishwa. Na kuosha, kwa maji ya bomba. Alisema "maji ya bomba" haraka, kisha akahamia kwenye misumari.

Mjomba mkubwa akamkatiza. "Hatukuuliza dawa. Tunauliza nani kaharibu."

Nilifungua mdomo. Sikuwa nimeamua bado nitamwaibisha nani, mama au yule kijana. Lakini mama alishasimama, na kitenge chake kilikuwa bado na maji ya kuoshea vyombo.

"Nimeharibu mimi," akasema. "Kijana alinikataza, nikamtukana. Na nilimsikia mwanangu akimwita mwizi mtaa mzima, nikanyamaza. Niliona afadhali aitwe yeye mwizi kuliko mimi niitwe mjinga."

Wajomba wakatazama sakafu. Mimi, kwa vile ndivyo nilivyo, niligeuka haraka kumwangalia fundi usoni, nikitafuta ule ushindi niliokuwa na uhakika nitaukuta.

Alikuwa analia, anajaribu kujifuta kwa kiganja asionekane.