Mabati Mawili

Ofisini walimwita Kalamu. Kazi yake ilikuwa kuandika hotuba za Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha, na alikuwa na utaratibu ambao wachumi wa ghorofa ya tatu waliucheka mpaka mbavu ziwaume: hakuna hotuba iliyotoka kabla Mama Birika, mpika chai wa wizara, hajasomewa jikoni. Mama akikunja uso, sentensi iliandikwa upya. Akitabasamu, ilipita.

Miezi mitatu iliyopita alimsomea hivi: "Mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia tisa hadi asilimia tano." Mama Birika alitabasamu mpaka jino la mwisho. "Hiyo imeingia, mwanangu," alisema. Kalamu akaondoka mbio, maana gari la bosi lilikuwa linanguruma nje. Hakumuuliza kilichoingia ni nini.

Sasa hotuba nyingine ilikuwa inaandaliwa, na Kalamu alimkuta mama amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, birika likichemka bila wa kulitazama.

"Kuna nini, mama?"

"Mabati, mwanangu. Nilikuwa na pesa za mabati ishirini, kamili. Uliponisomea kwamba bei zinashuka, nikasema ya nini haraka? Nikasubiri. Jana nimekwenda dukani, pesa zilezile zinanunua kumi na manane. Na fundi anataka ishirini." Alimtazama usoni bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kalamu. "Mvua nayo imeanza. Paa linavuja, wajukuu wanalala upande mmoja wa chumba."

Sentensi ya Kalamu ilikuwa sahihi, hata mtakwimu mkuu angeitia sahihi. Kilichoshuka ni kasi. Bei zenyewe zilikuwa bado zinapanda, ila polepole kuliko mwaka jana, na ile tano ilikuwa wastani wa bidhaa nyingi. Mabati yalikuwa yamepanda zaidi ya hapo. Yeye alijua yote hayo. Lakini tabasamu la mama alilichukua kuwa cheti, akapelekea nchi nzima maneno yaliyoeleweka kinyume.

Alirudi mezani, akaandika sentensi mbili mpya, akapanda nazo kwa Katibu Mkuu.

Katibu Mkuu alizisoma akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Miaka miwili alikuwa amekosa usingizi kuivuta ile tisa mpaka tano. "Bei hazijashuka," alisoma kwa sauti. "Unataka nisimame mbele ya watu niseme hivi? Kesho magazeti yote yataandika hilo tu. Kazi yote tuliyofanya itakwenda na maji."

"Bosi, wakisikia mfumuko umeshuka wanasubiri bei zirudi chini. Hazirudi."

"Nani anasubiri? Watu si wajinga."

Mama Birika alikuwa anaingia na sinia. Aliweka kikombe, akaweka kijiko, akanyooka.

"Mimi nilisubiri, mheshimiwa. Na ile hotuba ya kwanza niliielewa vizuri sana. Ndiyo maana paa langu bado linavuja."

Katibu Mkuu alikaa.

"Mama," alisema, "mtu alikuwa anapanda ngazi mbio. Sasa anapanda polepole. Yuko wapi?"

"Bado yuko juu, mheshimiwa. Na anazidi kupanda."

"Basi. Hiyo ndiyo tano yetu." Alichukua karatasi, akaandika ngazi ile pembeni kwa mkono wake, na zile sentensi mbili hakuzikata.

Siku ya hotuba, Kalamu hakwenda ukumbini. Alikaa jikoni na mama, redio ikiwa juu ya kabati la vikombe. Katibu Mkuu alieleza kupungua kwa mfumuko, watu wakapiga makofi. Halafu akasema: "Lakini bei hazijashuka. Bado zinapanda, polepole zaidi, na nyingi hazitarudi zilikokuwa." Makofi yakakatika. Mtu mmoja akakohoa, na hotuba ikaendelea kwa ile ngazi.

Kalamu alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki ile. Alimgeukia mama kuona uso wake, kama kawaida yake. Mama Birika hakukunja uso wala hakutabasamu.

"Umeelewa nini, mama?" Safari hii aliuliza.

"Nimeelewa kwamba yale mabati mawili hayarudi."

"Hayarudi, mama. Nisamehe."

Mama alizima redio, akaanza kupanga vikombe kwenye sinia. "Leo nikitoka nanunua hayo kumi na manane," alisema. "Fundi ataacha wazi upande wangu."